Kaka kaninunulia kiwanja, hati ina jina lake: ni wakala wangu au mdhamini wangu?

*Swali:* "Assalaam alaykum wakili. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Maskati. Nilimtumia kaka yangu shilingi milioni 30 aninunulie kiwanja Tanga. Amekipata kwa milioni 24, lakini hati imetoka kwa jina lake. Milioni sita zilizobaki anasema kidogo zimeenda kwenye ada na nauli, nyingine ameziweka dukani kwake. Juzi nikaambiwa muuzaji alimpa 'asante' ya milioni moja na nusu. Kaka anasema yeye alikuwa wakala tu, hati tutabadilisha nikirudi. Rafiki yangu anasema kaka ni mdhamini wangu na amevunja wajibu wa uaminifu. Yupi yuko sawa, na huo wajibu ni kitu gani hasa? Naogopa kwa sababu kaka anadaiwa na benki."

*Jibu:*

Waalaykum salaam dada yangu. Wote wawili wako sawa, ila kaka yako ameishia nusu ya njia. Alikuwa wakala wako tangu alipokubali kukununulia kiwanja. Hati ilipotoka kwa jina lake akawa mdhamini wako pia juu ya kiwanja hicho, na uwakala wake haufuti udhamini huo. Kwako wewe, mwenye kaka anayedaiwa na benki, hili la pili ndilo lenye uzito.

Tuanze na uwakala. Wakala ni mtu unayempa mamlaka ya kufanya jambo kwa niaba yako mbele ya watu wengine. Hapa kwetu mambo yake yameandikwa katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo sehemu kubwa ilichotwa kutoka sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Kaka alipokaa na muuzaji na kukubaliana bei, alikuwa anasema kwa kinywa chako, na maadamu hakutoka nje ya ulichomtuma, makubaliano yale yanakufunga wewe. Unaweza kumpa maagizo, kuyabadilisha au kumsimamisha kabisa. Mkikosana, yeye anatakiwa akupe hesabu ya kila shilingi, wewe unatakiwa umrudishie alichotumia kihalali. Ukifariki wewe au akifariki yeye, uwakala umekwisha siku hiyohiyo. Watu wengi hujikwaa hapo: mzee amefariki, mtoto anaendelea kuuza mashamba kwa hati ya uwakili aliyoachiwa, na kumbe karatasi ile imekufa na aliyeisaini.

Udhamini umejengwa kwa namna nyingine. (Sizungumzii mdhamini wa mkopo wala wa dhamana ya mahakamani.) Mdhamini ana mali kwa jina lake. Mbele ya Msajili wa Hati, mbele ya benki, mbele ya mnunuzi, yeye ndiye anayeonekana mwenyewe, lakini manufaa ya mali hiyo ni ya mtu mwingine, yaani mnufaika. Unaujua mfano wake hata kama hujawahi kuuita hivyo: msikiti wenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Kiwanja cha msikiti kimeandikwa kwa jina la bodi, na hakuna muumini anayedhani kwamba mzee aliyemo kwenye bodi akifariki watoto wake watarithi mihrabu. Mdhamini akifa, amana inabaki. Akifilisika, wadai wake hawana haki ya kugawana kitu ambacho hakikuwa chake kwa manufaa.

Sasa rudi kwenye deni la benki. Tuseme mambo ya kaka yameharibika na wadai wamekuja. Kama yeye ni wakala tu aliyepokea pesa zako na hakukukabidhi kitu, wewe ni mdai kama wadai wengine. Unamdai milioni 30, benki inamdai zake, mwenye nyumba anadai kodi, nanyi nyote mnasimama foleni moja kugombania kilichobaki. Lakini kama kiwanja kipo kwa jina lake kwa niaba yako, wewe huna haja ya foleni. Unachosema ni kwamba kiwanja hiki hakimo katika mali yake, kitoeni kwenye hesabu. Wakala asiyelipa unamdai yeye. Mdhamini unaidai mali yenyewe. Ukiishika tofauti hiyo umeshika kiini cha swali lako.

Utaniuliza udhamini umetoka wapi wakati hamkuandikiana kitu. Umetokana na malipo. Kuna kanuni ya zamani, iliyowekwa wazi Uingereza mwaka 1788 katika kesi ya Dyer na Dyer, kwamba mtu akilipia mali na hati ikaandikwa jina la mwingine, sheria huanza kwa kuamini kuwa mwenye jina anaishika kwa ajili ya mwenye pesa. Sababu yake ni nyepesi, kwamba watu hawana kawaida ya kutoa milioni 24 bure. Dhana hii inaweza kupinduliwa kwa ushahidi kwamba ilikuwa zawadi, na kwa kanuni hizo za zamani hugeuka upande wa pili pale baba anapolipa na kuandika jina la mwanawe. Kwa ndugu na ndugu haigeuki. Kaka ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulimpa.

Kesi hizi za Uingereza zinaingiaje Tanga? Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaelekeza mahakama zetu kutumia kanuni za haki zinazoitwa ekwiti kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, pale sheria zetu wenyewe ziliponyamaza na kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Hukumu za huko baada ya tarehe hiyo hazitufungi, lakini mawakili huzisoma mbele ya majaji wetu kila siku na majaji huzipima. Na si Waingereza peke yao. Jirani zetu Kenya, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari, kwamba hati iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja inaweza kubeba ndani yake amana ya kimila ya familia nzima, hata kama anayedai hakai kwenye shamba hilo. Hiyo ni amana ya aina nyingine na sheria ya nchi nyingine, lakini inaonyesha kuwa jina kwenye hati halimalizi mazungumzo.

Tuje kwenye wajibu wa uaminifu. Huu ndio ukuta ambao wakala na mdhamini wanaegemea pamoja. Yeyote aliyekubali kushughulikia mambo ya mwenzake, katika hali ambayo mwenzake anamtegemea na hawezi kumchungulia kila hatua, anabeba wajibu huu. Ukiupunguza hadi kwenye mfupa, unabaki na makatazo mawili. Asijiweke mahali ambapo faida yake inavutana na ya yule anayemtumikia. Na asipate chochote kutokana na nafasi hiyo bila yule mwenye mambo kujua yote na kuridhia.

Angalia kwamba sikusema "afanye kazi vizuri". Uangalifu ni wajibu mwingine, nao upo pia, lakini usiuchanganye na huu. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya taasisi moja ya mikopo ya nyumba dhidi ya wakili wake aliyeitwa Mothew, ilieleza vizuri kwamba mtu anaweza kuwa mzembe akabaki mwaminifu. Wakili yule aliipa taasisi hiyo taarifa isiyo sahihi kwa kupitiwa, hakuwa anamtumikia mtu mwingine kwa siri. Alikosea katika kazi, hakusaliti. Kwa hiyo kama kaka yako alilipa milioni 24 kwa kiwanja cha milioni 20 kwa sababu hakuuliza bei za jirani, unaweza kumlaumu kwa uzembe, na hapo utatakiwa kuonyesha hasara uliyopata. Ule si uvunjaji wa uaminifu.

"Asante" ya milioni moja na nusu ni jambo jingine kabisa. Hapa hutakiwi kuonyesha hasara. Huulizwi kama bei ilikuwa nzuri. Kaka hawezi kujitetea kwamba alikuwa na nia njema, kwamba muuzaji alitoa kwa hiari, kwamba hata bila hiyo angenunua kilekile. Ukali huu una historia. Mwaka 1726 ililetwa kesi ya Keech na Sandford. Mdhamini alikuwa ameshika, kwa niaba ya mtoto mdogo, haki ya kukodi mapato ya soko la Romford karibu na London. Mkataba ulipokwisha, mdhamini alikwenda kwa mwenye soko akaomba uhuishwe kwa faida ya mtoto. Mwenye soko akakataa, kwa kuwa mtoto hawezi kufungwa na mkataba na yeye alitaka mtu wa kumbana. Mdhamini akachukua mkataba mwenyewe, kwa jina lake na faida yake. Lodi Chansela King aliamua kwamba mkataba ule ni wa mtoto na faida yote irudi kwake. Alikiri kwamba inaonekana ngumu, maana mdhamini anakuwa mtu pekee kati ya wanadamu wote asiyeruhusiwa kuuchukua. Lakini aliona hatari. Ukiruhusu mdhamini mmoja kuchukua kile ambacho mnufaika "amenyimwa", wadhamini wote wataanza kuomba kwa namna ya kunyimwa.

Mimi naiona sababu hiyo kuwa ya haki mpaka leo. Wewe uko Maskati. Hukuwepo kwenye kile kikao cha bei. Huwezi kujua kama kaka alibana kwa nguvu zake zote au alilegeza kidogo kwa kuwa bahasha ilikuwa imeshatajwa, na pengine yeye mwenyewe hajui moyo wake ulilegea wapi. Mahakama nayo haiwezi kujua. Kwa hiyo sheria haiingii kuchimba nia za watu. Inachukua bahasha na kukupa wewe.

Inakupa kwa njia gani, kama deni au kama mali? Swali hili liliwasumbua Waingereza kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1890 mahakama yao ilisema wakala aliyehongwa anadaiwa tu kiasi kile. Mwaka 2014 Mahakama yao ya Juu ikafunga mjadala katika kesi ya FHR na Cedar. Kundi la wawekezaji lilinunua hoteli kubwa Monte Carlo, mwezi Desemba 2004, kwa yuro milioni 211.5. Cedar ndiye aliyekuwa wakala wao katika kujadili bei. Pembeni, Cedar alikuwa na mkataba na muuzaji uliompa kamisheni ya yuro milioni 10, na mahakama ikaona hakuwaeleza wanunuzi ipasavyo. Majaji saba, kwa kauli moja, waliamua kwamba rushwa au kamisheni ya siri anayopokea wakala anaishika kama amana ya yule aliyemtuma, tangu dakika inapoingia mkononi mwake. Hapo unaona jinsi uwakala na udhamini vinavyoungana: mtu anaanza kama wakala, na kosa lenyewe linamgeuza mdhamini wa kile alichokificha. Sheria ya India ya 1872 nayo ililiona jambo hili kwa upande wake, ikatoa mfano ambao ungeweza kuwa wa mtaa wowote wa Tanga: umemtuma wakala akununulie nyumba fulani, akakwambia haiuzwi, kumbe ameinunua mwenyewe. Ukigundua, unaweza kumlazimisha akuuzie kwa bei ileile aliyonunulia.

Tufanye hesabu yako. Ulituma milioni 30. Kiwanja milioni 24. Tuseme ana risiti za upimaji, ada za hati na nauli zinazofika milioni 1 na laki 4. Hizo ni halali yake, wala usizigombanie, kwa sababu wakala na mdhamini wote wana haki ya kurudishiwa gharama za kazi. Zinabaki milioni 4 na laki 6, ambazo ni zako. Ongeza milioni 1 na laki 5 ya muuzaji. Jumla, nje ya kiwanja, ni milioni 6 na laki 1.

Zile milioni 4 na laki 6 zilizoingia dukani ndizo ngumu zaidi. Ulizituma kwa kazi maalumu, si mkopo na si pesa ya kujichanganyia, kwa hiyo alizishika kama amana. Sheria inakuruhusu kuzifuata zilikokwenda. Kama zilinunua friji la dukani, unaweza kudai haki yako ndani ya friji. Lakini ufuatiliaji una kikomo: pesa iliyoliwa imeliwa. Kama zililipia kodi ya fremu ya mwaka jana au unga uliokwisha kuuzwa na mapato yake kutumika, hakuna tena kitu cha kukishika, na kwa sehemu hiyo unarudi kuwa mdai wa kawaida, kwenye ile foleni. Ndiyo maana taarifa za benki na za pesa za simu za miezi ile zina thamani kubwa kuliko maneno ya kikao cha familia.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kumwokoa kaka, nacho ni ridhaa yako. Kama angekupigia kabla na kusema, "Muuzaji anataka kunipa milioni moja na nusu, nichukue?" nawe ukakubali ukijua kiasi na anayetoa, lisingekuwa kosa. Hata sasa unaweza kumsamehe, ni haki yako. Lakini kukutajia nusunusu, kwamba "muuzaji alinikumbuka kidogo", si kukueleza, na kukubali kwako kwa maelezo ya namna hiyo hakumfungulii.

Sasa hatari yako halisi. Udhamini wako una nguvu dhidi ya kaka, warithi wake na wadai wake wa kawaida. Hauna nguvu dhidi ya mtu aliyenunua kiwanja kwa thamani, kwa nia njema, bila kujua habari zako, wala dhidi ya benki iliyokipokea kama rehani katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza kaka si la ile bahasha. Muulize hati iko wapi. Kama iko benki, nenda kwa wakili wiki hii. Kama iko kabatini kwake, omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati kuona kama kuna rehani iliyoandikwa, kisha uweke zuio chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Zuio linamtangazia yeyote anayetazama daftari kwamba kuna mtu anadai maslahi hapo, na baada ya hapo hakuna atakayesema hakujua.

Halafu mwombe asaini tamko la udhamini mbele ya wakili, lenye namba ya kiwanja, kiasi ulichotuma, tarehe za miamala, na maneno kwamba anakishika kwa ajili yako na atakihamisha utakapodai. Kwa kuwa wewe ni mtu mzima na ndiye mnufaika pekee, una haki ya kumtaka ahamishe sasa, si lazima ungoje kurudi. Kanuni hiyo ipo tangu mwaka 1841. Uhamisho una ada na kodi zake, pitieni TRA kabla ya kusaini. Akikataa, hifadhi risiti za kutuma pesa na ujumbe wenu wa simu bila kufuta kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kupokelewa mahakamani. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 na ya mkataba miaka sita, kwa hiyo muda unao, ila rehani inaweza kuandikwa kwa siku moja.

Umesema wewe ni Mtanzania, na ni vizuri umesema, kwa sababu Sheria ya Ardhi ilivyotungwa mwaka 1999 haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine na kumtumia ndugu kama kivuli cha kukwepa katazo hilo hawezi kwenda mahakamani kwa kujiamini kama wewe, maana atakuwa anaiomba mahakama imsaidie kuvunja sheria.

Kama huwezi kusafiri, mteue mtu mwingine, si kaka, kwa hati ya uwakili utakayoisaini mbele ya ubalozi wetu Maskati. Iandike kwa mipaka: kupokea uhamisho wa kiwanja namba fulani kwa jina lako, na si zaidi ya hapo. Isajiliwe kwa Msajili wa Hati kabla haijatumika, na humo iandikwe wazi kwamba mteule haruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa mtu mwingine yeyote katika kazi hii bila wewe kuridhia kwa maandishi.